Kujitoa tagi kwenye picha za marafiki, na kuomba picha itolewe bila kugombana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nikijitoa tagi, picha inafutika?

Haifutiki. Wengi wanajichanganya hapa, mtu anajitoa tagi, anapumua, kesho yake anakuta watu bado wanaicheka picha ileile. Tagi ni kamba tu inayofunga jina lako kwenye picha ya mwenzako. Ukiikata, picha haikai tena kwenye profaili yako na mtu akiigusa haoni jina lako likichomoza, ila picha yenyewe iko palepale kwa aliyeiposti, na wote aliowaruhusu kuiona wanaendelea kuiona na laiki zake na komenti zake zote.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu jiulize shida yako ni ipi hasa. Kama shida ni kwamba bosi au wakwe wakifungua profaili yako wanakutana nayo, basi kutoa tagi kunatosha, malizana nayo kimyakimya, huna haja ya kumsumbua mtu. Kama shida ni picha kuwepo, yaani hutaki ionekane popote, tagi haikusaidii, itabidi uongee na mwenye posti.

Sawa, natoaje sasa?

Instagram, fungua posti, gusa picha mpaka majina yatokee, gusa jina lako, halafu chagua Remove Me From Post. Pembeni yake utaiona Hide From My Profile na hiyo ni kitu kingine, inaificha tu kwenye profaili yako ila jina linabaki juu ya picha, mtu akigusa anakuja moja kwa moja kwako. Watu wengi wanachagua ya pili wakidhani wamechagua ya kwanza.

Facebook, fungua picha, gusa nukta tatu, chagua Remove tag. Kama zimejaa za miaka na miaka usihangaike kuzitafuta moja moja, ingia Activity log, kuna sehemu ya picha ulizotagiwa, zinajipanga zote hapo na unazipitia kwa utulivu.

Kuna kitu cha kufanya kabla sijatoa tagi?

Ndio, nakili linki ya posti kwanza. Mimi hili nimejifunza vibaya. Nilijitoa kwenye picha kwa hasira usiku, wiki moja baadae nikaamua nimwombe rafiki yangu aifute kabisa, sasa nikawa namwambia "ile ya wote tumekaa, mi niko kushoto", na yeye ana picha mia tatu za wote tumekaa, mi niko kushoto. Siku nzima tunatumiana skrinshoti za picha zisizo zenyewe. Tagi ndio ilikuwa njia yangu ya kuifikia ile posti na nilishaikata mwenyewe. Copy link iko kwenye nukta tatu au kitufe cha kushea, ipesti mahali kwenye simu, ndo utoe tagi.

Mwenzangu ataletewa notifikesheni kwamba nimejitoa?

Hapana. Haletewi kitu. Ila akirudi kuiangalia picha ataona jina lako halipo, na kuna watu wanaangalia, hasa kama mliopigwa mko wawili tu. Kwenye picha ya watu kumi na tano hakuna atakayejua. Kwenye ya wawili, bora mwambie mwenyewe mapema kuliko akigundua halafu aanze kujiuliza kakukosea nini.

Nimejitoa tagi lakini jina langu bado linaonekana chini ya picha, kwa nini?

Kwa sababu hiyo siyo tagi. Jina lililoandikwa na alama ya @ kwenye maelezo ya posti ni kitu tofauti na jina lililobandikwa juu ya picha, na Remove Me From Post inashughulika na lile la juu ya picha peke yake. La kwenye maelezo anaweza kulitoa aliyeyaandika. Habari nzuri ni kwamba kuedit maelezo ni kazi ya sekunde tano na haigusi laiki wala komenti, kwa hiyo ni ombi jepesi, "naomba ufute jina langu kwenye kapsheni" hakuna anayekataa. Kagua na komenti pia maana mara nyingi kuna mtu wa tatu kakuita humo kwa @ akicheka.

Nianze kujitoa tagi au nianze kuongea naye?

Toa tagi kwanza (ukishanakili linki), ongea baadae. Sababu ni mbili. Ya kwanza, picha inaenda mbali zaidi masaa yale ya mwanzo na tagi ndo inaisogeza kwa watu wako, Facebook hasa, pale mtu akikutagi kawaida marafiki zako nao wanaongezwa kwenye wanaoweza kuiona hata kama siyo marafiki zake yeye. Ya pili ni ya kibinadamu, ukishajitoa tagi presha inashuka na meseji yako inakuwa ya mtu aliyetulia. Meseji za "TOA HIYO PICHA SASA HIVI" huwa zinaandikwa na mtu ambaye tagi bado iko.

Niombe nini hasa? Afute tu?

Hapa ndio penyewe, na watu wanaparuka. Kufuta ni ombi kubwa kuliko unavyofikiri. Kwako ni picha mbaya moja, kwake ni posti ya siku yake, ina komenti za watu walioko mbali, labda amependeza kuliko siku zote na wewe ndo umefumba macho. Ukimwambia afute unamwambia atupe vyote hivyo. Ila kuna maombi madogo zaidi ambayo yanakupa unachotaka na yeye habaki mikono mitupu, tatizo watu hawayajui, na mwenye posti naye mara nyingi hayajui, inabidi umwonyeshe.

La kwanza, kama ni Instagram na posti ina picha nyingi za kuperuzi, anaweza kuitoa ile moja tu na zingine zikabaki na laiki zake na komenti zake. Anagusa nukta tatu, Edit, anaperuzi mpaka kwenye picha husika, anagusa alama ya pipa la taka juu yake. Kama posti ina picha mbili tu hii haikubali, lazima zianzie tatu. Nakwambia asilimia kubwa ya ugomvi wa picha niliousikia ungeishia hapa, mtu anakataa kufuta kwa sababu anadhani lazima afute posti nzima.

La pili, Archive. Posti inaondoka machoni pa watu wote lakini yeye bado anayo, laiki na komenti zimekaa, siku akitaka anairudisha. Kwa mtu anayependa kumbukumbu zake hili linakubalika kirahisi kuliko neno "futa". Ubaya wake umeshausikia, siku akitaka anairudisha, kwa hiyo ni suala la kuaminiana.

La tatu ni la Facebook, kubadilisha nani anaiona. Posti iliyokuwa ya Public inaweza kuwa ya Friends, au ya watu aliowachagua yeye. Kama wasiwasi wako ni wageni tu na siyo marafiki zenu, hii inatosha.

Usichomwomba ni "ikate nisionekane". Instagram hairuhusu kuikata upya picha iliyokwisha kupostiwa, angelazimika kufuta na kuposti upya, yaani umemwomba kufuta na kumwongezea kazi juu.

Nipe mfano wa kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Haya, tuseme rafiki yako kaposti picha nane za besdei yake Instagram, jumamosi usiku. Wewe uko kwenye ya tano, mdomo wazi, kijiko hewani, na amekutagi hapo na pia amekuandika kwenye kapsheni. Posti ina laiki mia mbili na kitu.

Unaiona jumapili asubuhi. Unanakili linki. Unaenda picha ya tano, unagusa, jina lako, Remove Me From Post. Unarudi kwenye profaili yako, ile sehemu ya picha ulizotagiwa, unahakikisha haipo, ukiikuta bado, funga apu uifungue upya kabla hujaanza kuhangaika. Umebakiwa na mambo mawili, picha yenyewe na jina kwenye kapsheni. La kapsheni kwa kweli achana nalo, kuandikwa kwamba ulikuwepo besdei siyo aibu, ukiomba vitu viwili hata kile cha maana kinapungua uzito.

Halafu unamwandikia inboksi, siyo kwenye komenti, kamwe siyo kwenye komenti, maana ukikomenti "jamani itoe hiyo" unawaita watu wote waende kuiangalia picha ya tano. Unaandika hivi:

"Mambo! Jana ilikuwa noma, bado miguu inauma. Sikia, naomba unisaidie kitu, ile picha ya tano sijaipenda nilivyotokea, naomba uitoe hiyo moja tu, zingine ziache ni nzuri sana. Ukienda nukta tatu, Edit, ukifika kwenye hiyo kuna kipipa cha taka, haifuti posti."

Angalia ilivyokaa. Imetaja picha ipi kwa namba. Imesema "sijaipenda nilivyotokea", yaani kosa liko kwenye sura yako siyo kwenye tabia yake, hajaambiwa kakosea kuposti. Imeomba kitu kimoja, na imempa njia kabisa ili asije akasema ntaangalia baadae halafu asahau. Na haina hadithi ndefu ya kwa nini, ukianza kueleza sana na yeye anaanza kukubembeleza, "mbona umependeza", mnaingia kwenye mjadala wa kama umependeza au hujapendeza, na mjadala huo huushindi.

Akijibu "hahaha umependeza bwana acha uoga", usinune. "Najua unanipenda lakini mi siitaki kweli, nisaidie." Hilo neno kweli huwa linatosha kumwonyesha kwamba siyo utani. Mpe siku moja au mbili. Akishaitoa rudi ulaiki posti yake, ni kitu kidogo ila anaelewa kwamba hamna kinyongo.

Aliyeposti ni mtu mzima, shangazi au mama mdogo, namwambiaje?

Usimtumie meseji, mpigie. Meseji ya kuomba picha itolewe, hata uiandike kwa adabu namna gani, kwa mtu mzima inasomeka kama unamfundisha, na mara nyingi ataipeleka kwa mama yako kabla hajakujibu wewe. Piga, salimia vizuri, uliza hali, halafu upite mlango wa shukrani: "Shikamoo shangazi. Za tangu juzi? Nimeziona picha, asante kwa kunikumbuka. Nina ombi dogo shangazi, kuna moja nipo na nguo ya kulalia, naona haya watu wa kazini wakiiona. Naomba unisaidie kuitoa hiyo, zingine zibaki."

Hapa sababu inasaidia, tofauti na kwa rafiki wa rika lako. "Watu wa kazini" ni sababu ambayo mtu mzima anaiheshimu, "sijapendeza" haiheshimu, atakwambia wewe ni mtoto wake na umependeza. Halafu jiandae kwamba hajui kufuta. Wengi wao hawagomi, hawajui tu kibonyezo kiko wapi na wanaona aibu kusema. Mwambie utapita umsaidie, au mtafute mjomba mdogo aliye nae karibu ashike simu.

Hajajibu, au amekataa kabisa.

Kutokujibu siyo kukataa. Mkumbushe mara moja baada ya siku mbili tatu, kwa mstari mmoja tu. Au tumia mtu wa kati mnayeheshimiana naye wote wawili, hii inafanya kazi kuliko meseji ya tatu.

Akikataa waziwazi, kuna kuripoti, lakini ujue mipaka yake. Miaka ya mwanzo ya 2010 injinia mmoja wa Facebook, Arturo Béjar, na timu yake walikagua picha zilizokuwa zinaripotiwa na wakakuta nyingi hazina uchafu wala unyanyasaji, ni picha za kawaida ambazo mtu hakupenda alivyotokea, anabonyeza "uchi" au "unyanyasaji" kwa kukosa pa kubonyeza. Ikabidi watengeneze njia ya kumtumia meseji rafiki aliyeposti. Maana yake mpaka leo "sijapendeza" haivunji sheria yoyote ya mtandao, na ukiripoti kwa uongo wataiangalia na kuiacha. Aliyeripotiwa haambiwi ni nani, ila kama ulishamwomba jana akakataa, hesabu hiyo haihitaji kalkuleta.

Zipo hali ambazo kuripoti kuna nguvu. Picha ya mtoto wako mdogo iliyopostiwa bila ruhusa yako, kuna fomu ya mzazi. Picha uliyoipiga wewe mwenyewe, selfi kwa mfano, yeye akaichukua akaiposti, hiyo hakimiliki ni yako aliyepiga, haijalishi nani yuko kwenye picha, na unaweza kudai kwa njia ya hakimiliki. Kinyume chake pia kweli, picha aliyokupiga yeye ni yake. Na kama ni picha ya faragha, ya uchi, hapo hakuna cha kuomba kwa upole, ripoti moja kwa moja, na kuna StopNCII.org inayotengeneza alama ya picha kutoka kwenye simu yako bila picha yenyewe kutoka, mitandao inayoshirikiana nao inaitumia kuizuia isipandishwe. Hiyo ni ya waliofika miaka 18, walio chini wanayo Take It Down.

Ameifuta lakini mimi bado naiona, ananidanganya?

Labda hakudanganyi. Kama watu walishea posti yake Facebook kwa kitufe cha kushea, ya kwake ikifutika na hizo zinakufa. Ila kama kuna mtu aliisevu akaiposti upya, hiyo ni picha mpya kabisa na aliyeifuta ya kwanza hana mamlaka nayo, unaanza upya na huyo mwingine. Kama unaiona Google, ni kivuli kilichobaki, kuna ukurasa wao unaitwa Refresh Outdated Content unapesti linki (ndo ile uliyoinakili) wanakagua na kuiondoa.

Na kumbuka Instagram inaweka vilivyofutwa kwenye Recently Deleted mpaka siku 30, anaweza kuvirudisha. Usimwombe aende kuifuta na huko, hiyo ni kumwambia humwamini.

Na kwenye grupu la WhatsApp?

Kule hakuna cha kujitoa tagi na muda ndo kila kitu. Aliyetuma ana siku mbili na kitu za kufuta kwa wote, zikipita anaweza kufuta kwake tu. Kwa hiyo huku usisubiri kutulia, mpigie sasa hivi. Asipopatikana mtafute admini wa grupu, naye anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine kwa wote. Itabaki ile alama kwamba ujumbe umefutwa na watu watauliza kulikuwa na nini, wewe nyamaza. Ambao simu zao zinasevu picha zenyewe kwenye galari wanaweza kubaki nayo, hao huwafikii.

Nazuiaje lisitokee tena?

Instagram, kwenye setingi tafuta Tags and mentions, washa Manually approve tags, na hapohapo unaweza kuamua ni nani anaruhusiwa kukutagi, kila mtu, unaowafolo tu, au hakuna. Facebook ni Profile and tagging, washa kukagua posti ulizotagiwa kabla hazijakaa kwenye profaili yako. Ila usije ukadhani umejifungia ndani, ukaguzi huo ni wa profaili yako tu, posti yenyewe inaendelea kuonekana kwa aliyeiposti. Hapohapo kuna swali la nani aongezwe kuiona posti ukitagiwa, weka Only me, hiyo inaziba ile njia ya marafiki zako niliyoisema juu.

Ila setingi iliyonisaidia mimi kuliko zote siyo ya simu. Tukipiga picha namwambia mwenye simu hapohapo, kabla hatujaachana, "nionyeshe kabla hujaposti".

Nimejitoa tagi kimakosa kwenye picha niliyoipenda, narudishaje?

Huwezi mwenyewe kwenye Instagram, mwenye posti ndo anakutagi tena. Mwambie tu kidole kiliteleza.